Mihimili mitatu ya mlinganyo mmoja

Mlinganyo wenyewe ni huu:

3x² + 2y² + z² − 4xy − 4yz = 10

Kila nukta (x, y, z) inayoutimiza iko juu ya uso fulani. Je, uso huo una umbo la yai? La tandiko la punda? Ni kitu kimoja, au ni vipande viwili visivyogusana? Kwa kuutazama tu huwezi kujibu, na anayejibu haraka huteleza. Ataona 3, 2 na 1 mbele ya vipeo vya pili, zote chanya, aseme ni yai. Basi mwambie aweke x = 1, y = 2, z = 2 upande wa kushoto. Atapata 3 + 8 + 4 − 8 − 16, yaani −9. Yai haliruhusu hivyo. Ili uso uwe yai, upande wa kushoto lazima uwe chanya popote utakapoweka namba, isipokuwa pale zote tatu zikiwa sifuri. Sifa hiyo ndiyo wanahisabati wanayoiita uchanya kamili, na mlinganyo wetu hauna.

Kinachoficha sura ni vile vipande viwili vya mseto, −4xy na −4yz. Vikiondoka, mambo yote yako wazi. Namna ya kuviondoa ilianza kutafutwa katika karne ya 18 na ikachukua zaidi ya miaka 100 kukamilika. Waliohangaika nayo, wengi wao hawakuwa na haja na nyuso. Mmoja alikuwa akifikiria pia, ile ya watoto ya kuzungusha chini, na wengine walikuwa wakihofia kwamba sayari zitatawanyika.

Wa kwanza alikuwa Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Berlin kwenye Akademia ya mfalme wa Prussia. Mwaka 1748 kitabu chake cha Kilatini kuhusu uchanganuzi, Introductio in analysin infinitorum, kilichapwa Lausanne kwa majuzuu mawili. Mwishoni mwa juzuu la pili kuna kiambatisho kuhusu nyuso, na humo Euler aliuchukua mlinganyo wa daraja la pili katika ujumla wake, wenye vipande kumi, akaanza kuzungusha mihimili.

Kuzungusha mihimili si kuubadilisha uso. Uso uko palepale. Anayehama ni mpimaji. Ukipima chumba kwa futikamba uliyoilaza mshazari utapata namba za ajabu, na ukiilaza sambamba na ukuta utapata urefu na upana. Euler aliizungusha mihimili yake mitatu mpaka vipande vya mseto vikapotea, kisha akasoma ishara za vipeo vya pili vilivyobaki. Zote tatu zikiwa chanya, na upande wa kulia chanya, uso ni elipsoidi, yaani yai. Mbili chanya na moja hasi, ni haipaboloidi ya kipande kimoja. Umbo hili utalipata ukishika fungu la vijiti vilivyonyooka, ukalikamata juu na chini kisha ukalisokota: kiuno kinabana, ncha zinatanuka, na kila kijiti kinabaki kimenyooka juu ya uso uliopinda. Moja chanya na mbili hasi, uso unakatika vipande viwili, kama mabakuli mawili yanayopeana migongo. Pale kipeo kimoja cha pili kinapokosekana lakini herufi yake ikabaki peke yake, kunatoka paraboloidi, ama ya bakuli ama ya tandiko. Na vikikosekana viwili, inabaki silinda ya parabola.

Orodha hiyo imedumu hadi leo. Kilichokuwa kimelegea ni hatua iliyoitangulia. Hesabu ya haraka inaridhisha: una pembe tatu za kuchagua na vipande vitatu vya mseto vya kuondoa, tatu kwa tatu. Lakini idadi kulingana hakutoi hakikisho. Mlinganyo x² = −1 ni mmoja na una kisichojulikana kimoja, na bado hauna jibu kati ya namba halisi. Nani alisema pembe anazozihitaji Euler zipo kweli? Kitabu cha 1748 kinaendelea kana kwamba zipo.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye pia. Johann Andreas Segner, mzaliwa wa Pressburg, mji unaoitwa sasa Bratislava, alichapisha mjini Halle mwaka 1755 kijitabu cha Kilatini kuhusu nadharia ya pia, Specimen theoriae turbinum. Swali lake lilikuwa la mtu aliyekaa akaangalia vitu vikizunguka. Gome la mti ukilirusha hewani likizunguka, litayumba na kupepesuka. Je, kuna mhimili ambao kitu chochote, hata kikiwa na umbo baya kiasi gani, kinaweza kuuzunguka kwa utulivu bila kuyumba? Segner alionyesha kwamba upo, na si mmoja. Ipo angalau mitatu, nayo inakutana kwa pembe mraba.

Hili ni tatizo la Euler likiwa limevaa nguo nyingine. Ukaidi wa kitu kukataa kuzungushwa hutegemea mwelekeo wa mhimili, na ukiuandika kwa x, y na z unapata vipeo vya pili na vipande vya mseto, kama mlinganyo wetu. Vipande vya mseto ndivyo vinavyoleta kuyumba. Euler aliliona hilo mara moja. Akaliendeleza mpaka kitabu chake kikubwa cha 1765 kuhusu mwendo wa vitu vigumu, akaiita mihimili hiyo mihimili mikuu, na akamtaja Segner kuwa ndiye aliyetangulia.

Tuufanyie mlinganyo wetu kazi hiyo, kwa mwandiko wa siku hizi ambao ni mfupi kuliko wao. Namba zake tunazipanga katika jedwali, ambalo leo huitwa matriki:

```
 3  -2   0
-2   2  -2
 0  -2   1
```

Kwenye ulalo kuna namba za vipeo vya pili. Nje ya ulalo kuna −2, si −4, kwa sababu −4xy inagawanywa sawa kati ya chumba cha xy na chumba cha yx. Kusahau kugawa kwa mbili ndilo kosa la kila siku katika kazi hii, na ubaya wake ni kwamba halijitangazi. Kwa mlinganyo huu hasa, ukiweka −4 bado utapata ishara mbili chanya na moja hasi, jina la uso litatoka sahihi, na vipimo vyote vitakuwa vya uongo. Kinga yake ni nukta moja ya majaribio. Tunajua (1, 2, 2) inatoa −9. Jibu lolote utakalopata mwishoni lazima litoe −9 hapo hapo.

Ukilikunja jedwali hili kwenye ulalo, upande mmoja unaukalia mwingine barabara. Hiyo ndiyo maana ya matriki linganifu. Sasa tafuta mwelekeo ambao jedwali haliupindishi, linaurefusha au kuufupisha tu kwa namba λ:

3x − 2y = λx
−2x + 2y − 2z = λy
−2y + z = λz

Milinganyo hii mitatu hukubaliana, bila x, y na z kuwa sifuri zote, pale tu determinanti inapokuwa sifuri. Ukiifungua unapata λ³ − 6λ² + 3λ + 10 = 0. Mizizi yake ni 5, 2 na −1. Kabla ya kusonga mbele, angalia mambo mawili: jumla ya mizizi lazima iwe jumla ya ulalo, 3 + 2 + 1 = 6, na zao lake lazima liwe determinanti ya jedwali, ambayo ni −10. Vyote viwili vinakubali.

Rudisha kila mzizi kwenye milinganyo mitatu, nao utakupa mwelekeo wake. Mzizi 5 unatoa (2, −2, 1), mzizi 2 unatoa (2, 1, −2), na mzizi −1 unatoa (1, 2, 2), yaani ile nukta iliyotushtua mwanzoni. Zidisha wowote wawili, namba kwa namba, kisha jumlisha: 4 − 2 − 2 = 0; 2 − 4 + 2 = 0; 2 + 2 − 4 = 0. Sifuri hizo ndizo pembe mraba. Kila mmoja una urefu 3, kwa hiyo tunagawa kwa 3 kupata mihimili mipya: u = (2x − 2y + z)/3, v = (2x + y − 2z)/3, w = (x + 2y + 2z)/3. Kwa mihimili hii mlinganyo unakuwa:

5u² + 2v² − w² = 10

Chanya mbili, hasi moja: ni lile fungu la vijiti lililosokotwa. Kiuno chake ni duaradufu yenye nusu-mhimili wa √2, kama 1.41, upande mmoja, na √5, kama 2.24, upande mwingine. Tundu la katikati linaelekea (1, 2, 2). Kule kulia kungekuwa na −10, uso ungekatika vipande viwili. Kungekuwa na 0, ungebana mpaka kuwa pia mbili zilizogusana ncha. Kiswahili hapa kina bahati yake: mchezo aliouandikia Segner na umbo la jiometria vinaitwa kwa neno moja. Na jaribio letu: kwenye (1, 2, 2), u na v ni sifuri na w ni 3, hivyo upande wa kushoto ni −9.

Je, mizizi mitatu kuwa halisi yote ilikuwa bahati? Mlinganyo wa daraja la tatu una mzizi halisi angalau mmoja; hilo Segner alilijua. Mmoja unatosha kuanzia. Ukishaupata mhimili wa kwanza, kinachobaki kiko kwenye bapa lililosimama wima juu yake. Kwenye bapa kuna kipande kimoja tu cha mseto, na kipande kimoja huondolewa na pembe moja, ambayo ipo siku zote. Mwaka 1802 suala hili la mizizi ya nyuso za daraja la pili lilishughulikiwa mjini Paris na Gaspard Monge na Jean Hachette, walimu wa École Polytechnique, na kwa vipimo vitatu likawa limekwisha. Mwenye kushughulika na vitu vinavyoshikika angeweza kwenda kulala.

Lakini sayari si tatu.

Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin, ndiye aliyeichukua nafasi ya Euler Berlin mwaka 1766. Swali alilolifanyia kazi, sambamba na mwanahisabati Laplace kule Paris, lilikuwa hili. Kila sayari inavutwa kidogo na sayari nyingine zote, na mivuto hiyo, japo ni midogo, inaubadilisha polepole mwinuko wa njia yake na kiasi cha kurefuka kwa duaradufu yake, kwa maelfu ya miaka. Je, mabadiliko hayo yatakwenda yakirudi kama bembea, au yatakua mpaka njia zigongane? Hisabati yao iliishia kwenye jedwali lenye safu moja kwa kila sayari. Zilipokuwa zinajulikana sayari sita, mlinganyo wa mizizi ulikuwa wa daraja la sita. Uranus ilipoonekana mwaka 1781 ukawa wa saba. Mizizi yote ikiwa halisi, njia zinabembea. Ukitokea hata mmoja wenye sehemu isiyo halisi, kuna kitu kitakachokua bila kikomo.

Kwa daraja la saba hakuna kanuni ya kuipata mizizi, na ile hila ya bapa haikuonekana namna ya kuipandisha hadi vipimo saba. Laplace alitoa hoja ya kifizikia: kuna jumla fulani ya miraba, kila sayari ikipimwa kwa masi yake, ambayo haibadiliki kamwe, kwa hiyo hakuna kinachoweza kukua. Hoja hiyo ni nzuri, ila inategemea sayari. Haisemi chochote kuhusu jedwali lenyewe.

Aliyesema ni Augustin-Louis Cauchy, mwaka 1829, katika makala yenye kichwa kirefu kuhusu mlinganyo unaotumika kupata mabadiliko ya polepole ya sayari. Licha ya kichwa hicho, ndani sayari karibu hazipo. Kuna jedwali linganifu la ukubwa wowote, na madai kwamba mizizi yake yote ni halisi. Charles Sturm, kijana wa Geneva aliyekuwa Paris wakati huohuo, alikuwa amefika karibu na hapohapo kwa njia yake, na Cauchy aliandika hivyo.

Kiini cha hoja ni kifupi mno ukikiona, na mimi bado hushangaa kwamba kilisubiri miaka 80 baada ya Euler. Chukua mizizi miwili tofauti, λ na μ, pamoja na mielekeo yake, p na q. Lipitishe jedwali juu ya p kisha uzidishe kwa q. Unapata λ mara p·q. Lipitishe juu ya q kisha uzidishe kwa p. Unapata μ mara p·q. Kwa kuwa jedwali ni linganifu, majibu haya mawili lazima yawe sawa. Lakini λ na μ si sawa. Njia pekee ya kutoka ni p·q kuwa sifuri, yaani pembe mraba. Sasa jaribu kuingiza mzizi usio halisi. Mizizi ya namna hiyo huja pacha, na mielekeo yake huja pacha pia: mmoja a + bi, mwenzake a − bi. Kwa kuwa mizizi hiyo pacha ni tofauti, zao la mielekeo yake lazima liwe sifuri. Lakini zao hilo ni miraba ya a ikijumlishwa na miraba ya b, na miraba ya namba halisi haiwezi kujumlishwa ikawa sifuri isipokuwa kila moja ni sifuri. Mwelekeo wa sifuri tupu si mwelekeo. Basi mzizi usio halisi haupo, wala kwa tatu, wala kwa saba, wala kwa elfu.

Kwamba mizizi ni halisi haina maana umeipata. Miaka 17 baadaye, mwaka 1846, Carl Gustav Jacobi alichapisha katika jarida la Crelle njia aliyoiita nyepesi ya kuipata kwa namba, naye akiwa na jedwali la sayari saba mezani. Wazo lake linarudi kwa Euler, isipokuwa halina papara. Badala ya kutafuta mzunguko mmoja utakaoondoa vipande vyote vya mseto, chagua kimoja kikubwa, zungusha mihimili miwili tu mpaka kiwe sifuri, kisha nenda kwenye kinachofuata. Ubaya ni kwamba ukiondoa cha pili, cha kwanza hufufuka. Uzuri ni kwamba hufufuka kikiwa kimedhoofika.

Tuone kwa jedwali letu. Nje ya ulalo, upande mmoja, kuna −2, 0 na −2. Jumla ya miraba yake ni 8. Zungusha x na y mpaka −2 ya juu iondoke. Ulalo unakuwa 4.56, 0.44 na 1, na −2 iliyobaki inagawanyika vipande viwili, 1.23 na −1.58, vyenye jumla ya miraba 4. Nusu ya fujo imekwisha kwa mkupuo mmoja. Sasa ondoa −1.58: ulalo unakuwa 4.56, 2.32 na −0.88, na ile sifuri tuliyoipata mwanzo imefufuka kuwa kama −0.94. Jumla ya miraba imeshuka hadi 1.51. Ondoa na hiyo −0.94: ulalo ni 4.91, 1.98 na −0.88, na fujo iliyobaki ni 0.62. Mizunguko mitatu, na tayari 5, 2 na −1 zinachungulia. Kila mzunguko unaondoa mraba wa kipande ulichokiua na hauongezi kingine, kwa hiyo jumla haiwezi kupanda. Wakati wote ulalo unajumlishwa kuwa 6. Ukiacha chembe inayotokana na kukata desimali, siku usipopata 6 umekosea hesabu, acha urudi nyuma. Njia hii ilisahaulika, kisha ikafufuliwa baada ya vita ya pili ya dunia mashine za kompyuta zilipoanza kufanya kazi, kwa sababu mashine hailalamiki kurudia kitu kilekile.

Wakati mwingine, hata hivyo, mtu hahitaji 5, 2 na −1. Anataka ishara tu. Lagrange aliyashughulikia hayo zamani, mwaka 1759, akiwa na umri wa miaka 23 kule Turin, alipotaka kujua lini kitu chenye vigeu kadhaa kina kilele na lini kina bonde. Alikamilisha miraba, mmoja baada ya mwingine. Kwa mlinganyo wetu, 3x² − 4xy ni 3(x − 2y/3)² ukiondoa 4y²/3. Kinachobaki cha y na z ni ⅔y² − 4yz + z², nacho ni ⅔(y − 3z)² − 5z². Kwa ujumla:

3(x − 2y/3)² + ⅔(y − 3z)² − 5z²

Namba ni 3, ⅔ na −5. Hazifanani na 5, 2 na −1, lakini ishara ni zilezile, chanya mbili na hasi moja. Njia hii haina mlinganyo wa daraja la tatu, haina vipeuo, na unaweza kuifanya nyuma ya bahasha. Gharama yake ni pembe: x − 2y/3 na y − 3z hazikutani kwa pembe mraba, kwa hiyo ukizisoma kama vipimo vya kiuno cha uso utadanganyika. Jina la uso utalipata, urefu hutaupata.

Kwa nini ishara hazibadiliki? Mwingereza James Joseph Sylvester alithibitisha mwaka 1852 kwamba haziwezi kubadilika. Njia yoyote halali ya kuugeuza mlinganyo kuwa miraba mitupu itakupa idadi ileile ya chanya na idadi ileile ya hasi, pembe ziwe mraba au zisiwe. Aliiita kanuni hiyo sheria ya inesha, kana kwamba ishara zina uzito wake na hazisukumiki. Kutokana nayo kipimo cha uchanya kamili kinakuwa kifupi. Kata jedwali kuanzia kona ya juu kushoto, chumba kimoja, kisha viwili kwa viwili, kisha vitatu kwa vitatu, na utafute determinanti za vipande hivyo. Kwa jedwali letu ni 3, 2 na −10. Zote zingekuwa chanya tungekuwa na yai. Hiyo −10 imeharibu. Ukigawa kila moja kwa iliyoitangulia unapata 3, ⅔, −5, namba za Lagrange zenyewe. Tahadhari moja tu: kipande kikitoka sifuri, mgawanyo huo unakwama. Hapo jedwali limekwisha kosa uchanya kamili, lakini idadi ya ishara itabidi uitafute kwa njia nyingine.

Lilikuwa limebaki tundu moja, na lilitobolewa na Lagrange mwenyewe. Hoja ya pembe mraba inategemea λ na μ kutofautiana. Zikiwa sawa? Chukua xy + yz + zx = 1. Jedwali lake lina sifuri kwenye ulalo na nusu kila mahali pengine, na mizizi yake ni 1, −½ na −½. Mzizi 1 una mwelekeo (1, 1, 1). Mzizi unaojirudia unakubali (1, −1, 0), unakubali pia (0, 1, −1), na anayeandika hizo mbili kuwa mihimili yake anakosea, kwa sababu zao lake ni −1. Zinakutana kwa nyuzi 120. Zote mbili ni halali, lakini si jozi halali. Shika (1, −1, 0), kisha utafute ndani ya bapa lilelile ulio wima kwake: (1, 1, −2). Uso unakuwa wa vipande viwili, na umeviringana kuuzunguka mwelekeo (1, 1, 1) kama kitu kilichochongwa kwenye mashine ya kereza. Bapa zima ni mihimili. Ni juu yako kuchagua.

Lagrange hakuliona hivyo. Katika kitabu chake cha mekanika cha mwaka 1788 aliandika juu ya mitikisiko midogo ya vitu vilivyotulia, na akaamini kwamba mizizi miwili ikilingana, wakati t utajitokeza nje ya sini na kosini kama kizidishio, na mtikisiko utakua bila mwisho. Kwa majedwali kwa ujumla hofu hiyo ni ya kweli. Jedwali lenye safu (1, 1) na (0, 1) lina mzizi 1 mara mbili na mwelekeo mmoja tu, na hapo t hujitokeza kweli. Lakini jedwali hilo si linganifu. Laplace na wengine waliufuata mkondo wa Lagrange, na kosa likakaa vitabuni kwa miaka 70.

Aliyeliondoa ni Karl Weierstrass, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuitwa Berlin. Mwaka 1858 aliionyesha Akademia ya huko kwamba jedwali linganifu halikosi mihimili kamwe. Mzizi ukijirudia mara mbili unaleta mielekeo miwili iliyo pembe mraba, ukijirudia mara tatu unaleta mitatu, na t haipati mlango wa kutokea. Aliandika wazi kwamba Lagrange alikuwa amekosea.

Kitu cha kumuumbua Lagrange kilikuwa kikining'inia katika kila nyumba. Funga jiwe kwenye uzi, ulitundike darini. Linaweza kubembea kaskazini na kusini, linaweza kubembea mashariki na magharibi, na muda wa bembea ni uleule pande zote mbili: mizizi miwili iliyo sawa kabisa. Likiwa linabembea, ukilisukuma kidogo mshazari, litachora duaradufu nyembamba, litaichora tena, na halitakwenda kugonga ukuta.